Namba ya Katekista

Tulikuwa wanawake wanne siku ile, na nitawataja mmoja mmoja ili asije akasema mtu kwamba nimemsahau. Wa kwanza ni mimi mwenyewe. Wa pili ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mfinyanzi wa vyungu, ambaye nyumba yake na yangu zinatazamana. Wa tatu ni mjane wa katekista wetu, tunayesali naye jumuiya moja. Wa nne ni jirani yangu Msukuma, aliyekuja huku Ufipa na mume wake na ng'ombe wao wakati wanangu bado wanasoma, akaomba jembe kwangu asubuhi ya kwanza, na tangu hapo hatujaachana. Majina yao yote ninayo, na ya watoto wao, na ya wajukuu hadi wale wa Mwazye na wa Kasanga. Watu wa mtaa wetu wa Pito wakitaka kujua nani alizaliwa na nani huja kwangu. Ila hapa sitaandika jina la mtu. Wenyewe watajijua.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Nayasema haya mapema ili ninapofika mwisho mjue kwa nini najisifu.

Mambo yalianzia mbali kidogo, siku ile tulipoandikishwa vitambulisho vya taifa. Walikuja na mashine zao shuleni, tukapanga foleni kuanzia alfajiri, baridi ya Ufipa inakata masikio. Vidole vyote kumi vinawekwa kwenye kioo, picha inapigwa, halafu maswali: baba yako nani, mama yako nani, umezaliwa wapi, namba yako ya simu.

Simu. Katika sisi wanne hakuna aliyekuwa nayo. Katekista alikuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa simu yetu sote. Mtoto akipiga kutoka Mbeya, katekista anamtuma mtu atuite. Basi nikawageukia wenzangu kwenye foleni nikawaambia wote tutaje namba ya katekista, mimi naijua kwa kichwa. Nikaitaja mara nne, kwa kila mmoja alipofika mezani, na yule mwandikishaji akaandika. Tulirudi nyumbani tumeridhika kabisa. Niliona nimefanya kazi ya maana.

Na kuna jambo jingine nililolifanya siku ile, dogo, nikalisahau. Wifi yangu ni mtu wa maneno machache, na mbele ya watu wa serikali hata hayo machache hukimbia. Alipofika mezani nilisimama nyuma yake nikamjibia. Alipoulizwa jina la mama yake, nilijibu mimi. Sasa mama yake ni mama mkwe wangu, na nilivyolelewa mimi, mkwe hatamki jina la nyumbani la mama mkwe wake. Hata leo siwezi, ulimi unagoma. Kwa hiyo nilitaja jina lake la ubatizo, ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwitia, nalo ndilo likaandikwa.

Miaka ikapita. Katekista akafariki, Mungu amrehemu. Mjane wake akaiweka laini ile kwenye kopo la vifungo na hakuitia tena kwenye simu. Sisi tukapata simu zetu, vile vitochi vya vitufe, tukasahau kabisa tuliandika nini.

Tukakumbushwa mwaka juzi, karibu na msimu wa kupanda. Bwana shamba alikuja ofisi ya mtaa na kishikwambi kuhuisha taarifa za wakulima, ili wanaostahili mbolea ya ruzuku wabaki kwenye orodha. Anaingiza namba ya kitambulisho chako, halafu tarakimu sita zinatumwa kwenye simu iliyoandikwa kwenye taarifa za kitambulisho hicho. Ukizipata unazitaja, unahakikiwa, umemaliza. Watu walikuwa wanamaliza kwa haraka. Nilipofika mimi, nikashika simu yangu mkononi kama mtu anayesubiri salamu kutoka kwa mwanawe. Kimya. Akatuma tena. Kimya. Wifi yangu naye kimya, na mjane, na Msukuma wangu. Bwana shamba akasoma tarakimu mbili za mwisho za namba iliyoandikwa, maana nyingine zilifichwa kwa nyota, na mjane wa katekista akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Hiyo ni ya baba yenu. Iko kwenye kopo."

Tukaenda kuitoa kwenye kopo. Ikawekwa kwenye simu, haikushika mtandao. Mjane akasema tuipigie namba yenyewe tuone, na mtu akapokea. Mwanamume, yuko Kahama. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba anaweza kupewa mtu mwingine, ndiyo tulivyoelezwa baadaye. Tukamweleza shida yetu. Yule bwana alikuwa mpole.

"Mama, shikamoo. Kumbe ni nyie? Mimi nilijua matapeli. Leo zimeingia jumbe nane za namba, nimefuta zote."

Akasema kama tunataka, zikiingia tena atatusomea kwenye simu. Mjane akafurahi, akaona tumepona. Bwana shamba akakataa. Alisema namba hizo ni za mwenye kitambulisho, anayezipokea ndiye mfumo unamwona kuwa wewe, na leo ni mbolea, kesho itakuwa jambo jingine. Akatueleza kwamba namba ya simu haibadilishwi kwake wala kwa mtendaji, inabadilishwa ofisi ya vitambulisho mjini, mwenyewe uwepo. Yeye angerudi Pito mara moja tu, baada ya wiki mbili, halafu orodha inafungwa.

Hapo ndipo mwanangu mkubwa alipotia neno. Mwanangu ni mtu mwema, msimfikirie vibaya. Alisema, mama, unahangaika na nini? Shamba liandikwe kwa jina langu, simu yangu inafanya kazi, mbolea nitakuletea mlangoni. Na mtoto wa wifi naye akasema vilevile kwa mama yake. Wanaume wawili watatu waliokuwa pale wakaona ni busara.

Niliangalia mikono yangu. Shamba lile nimelilima kwa matuta yetu ya Kifipa, yale ya mviringo, unageuza udongo na majani yake yaozee ndani, mwaka hadi mwaka, kabla mwanangu hajazaliwa na baada ya baba yake kufa. Kwenye orodha ya wakulima wa Pito jina langu liko, na hakuna aliyenipa kwa huruma. Nikamwambia mwanangu, "Baba, shamba utalikuta. Ila kwa sasa mkulima ni mimi." Akacheka. Lakini nilijua ukweli mwingine: wenzangu watatu wangetolewa kwenye orodha kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyewatajia ile namba.

Siku ya pili tukaondoka asubuhi. Tulipanda bajaji wanne, dereva akalalamika kwamba tumebeba vikapu kama tunahama. Kwenye vikapu kulikuwa na vitambulisho, maharage ya kuchemsha, na chungu kimoja ambacho wifi alikuwa ameagizwa na mke wa mfanyabiashara wa Kiislamu mwenye duka karibu na stendi.

Ofisini alikuwepo binti mmoja mezani, umri wa mjukuu wangu wa pili. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja bila kuruka mtu, na kwa hilo peke yake nilimpenda. Nikamweleza habari yote, foleni ya shuleni, katekista, kopo la vifungo, Kahama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema si sisi peke yetu, kuna vijiji vizima vilivyoandika simu ya mwalimu mkuu. Akatupa fomu ya kubadili taarifa, akaeleza: kwanza atahakiki kwa kidole kwamba kitambulisho ni chako, halafu ataandika namba mpya, na namba hiyo lazima laini yake iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, si cha mtu mwingine. Akatuonyesha jinsi ya kubonyeza kwenye simu kuona laini imesajiliwa kwa nani.

Msukuma wangu akabonyeza, likaja jina lake. Mjane, jina lake. Wifi, jina lake. Mimi nikabonyeza, likaja jina la mjukuu wangu wa kike aliyeko chuo Dodoma. Alinisajilia yeye kwa kidole chake siku aliponinunulia simu, tukaona ni mapenzi.

Wenzangu walinitazama. Msukuma ndiye aliyesema, kwa kile Kiswahili chake cha kuvuta: "Dada, wewe umetuleta mjini kurekebisha namba zetu, na yako ni ya mtoto."

Walicheka mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. Nilicheka na mimi, nifanyeje. Binti akasema laini inaweza kuhamishwa umiliki, ila mwenye kidole awepo, na Dodoma si karibu. Afadhali nikasajili laini yangu mpya, kuna mawakala hapo nje.

Wakala alikuwa kijana mwenye mwavuli na mashine ndogo ya kusoma kidole. Nikaweka dole gumba. Mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Akanipangusa kwa kitambaa, akaniambia nisugue viganja vipate joto, tukarudia, ikakataa. Kijana akaniuliza bibi unafanya kazi gani, nikamwambia nalima. Akauliza kwa kitu gani, nikamwambia kwa jembe la mkono, kitu gani kingine. Akachukua mkono wangu wa kushoto akauangalia kama mtu anayechagua nyanya, akasema jembe linakaa hapa na hapa, hiki cha pete halikigusi sana. Nikakiweka kile cha pete, cha kushoto, ambacho hata pete yenyewe niliacha kuivaa. Mashine ikakubali. Nilisikia kama nimebatizwa upya. Nikarudi ofisini na laini inayosema jina langu.

Basi zamu ikaenda. Mjane akaweka kidole, sawa, namba ikaandikwa. Msukuma, sawa. Mimi nikamwambia binti moja kwa moja kwamba vingine asisumbuke navyo, anipe kile cha pete, na ikawa sawa.

Wifi akaweka dole gumba. Hapana. Kile cha pete, hapana. Vyote kumi, mkono wa kulia na wa kushoto, tumeviosha kwa maji ya bakuli, tumevipangusa, hapana. Nilijua kabla hata ya binti kujua. Mfinyanzi huulainisha udongo kwa vidole vyote, na jiwe la kusugulia chungu hupita juu ya ncha hizo hizo, tangu akiwa msichana. Vidole vya wifi vimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Binti hakukata tamaa. Alisema vidole vikishindikana yapo maswali, atamlinganisha na picha na yale aliyojibu mwenyewe siku ya kuandikishwa. Picha ilikuwa yake, hakuna ubishi. Jina la baba, akajibu. Alikozaliwa, akajibu, taratibu, anaangalia meza. Kisha binti akauliza, "Jina la mama yako mzazi, bibi?"

Wifi akajibu jina la nyumbani. Jina ambalo kila mtu wa Pito alimwitia mama yule mpaka anazikwa.

Binti akaangalia kioo cha kompyuta. Akasema kwa upole kwamba silo lililoandikwa.

Nililikumbuka lile jambo dogo. Nikafungua mdomo, na binti akanyoosha kiganja: "Bibi, mwache ajibu mwenyewe. Wewe ukisema, mimi siwezi kulipokea." Alikuwa na haki. Fikirieni nilivyokaa pale: mimi ninayejulikana kwa majina, jina moja nimezuiwa na mila, na lingine nimezuiwa na sheria, na aliyekaa kwenye kiti anaumia kwa sababu yangu. Nikaomba niseme jambo lisilo jina. Akaniruhusu. Nikamweleza kwamba siku ile niliyejibu ni mimi, mkwe, na kwamba mkwe hatamki jina la nyumbani, nikataja la kanisani. Nilisema kosa ni langu, lisimwangukie yeye.

Binti akafikiri. Akamgeukia wifi. "Bibi, mama alibatizwa?"

"Alibatizwa."

"Kwa jina gani?"

Wifi akainamia viganja vyake. Alikuwa hakumbuki, nilimwona. Lile jina halikuwahi kukaa mdomoni mwake hata siku moja. Mjane wa katekista, aliyekuwa nyuma yangu, akaanza kusali chinichini, nikamkanyaga mguu anyamaze.

Kisha wifi akasema, "Sikumbuki kulisema. Nakumbuka kulifinyanga."

Sote tulishangaa isipokuwa mjane, yeye alikumbuka kabla yangu. Mama mkwe alipokufa hatukuwa na uwezo wa jiwe la kaburi. Wifi alitengeneza kibao cha udongo wa vyungu. Yeye hakusoma hata darasa moja. Katekista alimwandikia lile jina kwa chaki kwenye ubao wa kanisa, naye akaliiga kwa ncha ya kijiti, herufi baada ya herufi, kisha akakichoma kibao pamoja na vyungu vyake. Kikapasuka. Akatengeneza kingine, kikapasuka. Cha tatu ndicho kilichoko makaburini hadi leo.

Binti akamsogezea karatasi na kalamu. Wifi akaisogeza kalamu pembeni. Akatia kidole kwenye bakuli la maji alilonawia, akaandika juu ya meza, kwa kidole kilekile mashine ilichokikataa. Herufi ya kwanza kubwa, iliyonyooka. Ya pili. Aliandika polepole, akiinamisha kichwa kama anayeangalia ukingo wa chungu. Alipofika katikati alisimama, kidole kikakaa hewani, nikaona kinatafuta. Kisha kikashuka, kikaendelea mpaka mwisho. Mimi mwenye darasa la tatu nilikuwa nalisoma kutoka upande wangu, nimeuma midomo nisije nikalitoa.

Binti alilisoma juu ya meza kabla halijakauka. Akaangalia kioo. Akalisoma tena, kwa sauti, na mama mkwe wangu akaitwa jina lake la ubatizo katika ofisi ya serikali mjini Sumbawanga na mtu ambaye hakuwahi kumwona.

"Ndilo," akasema. "Nipe namba yako ya simu, bibi."

Wifi akaitaja mwenyewe, tarakimu zote kumi, bila mimi.

Tulipotoka binti alituonya mambo mawili. Mabadiliko yanaweza kuchukua siku kadhaa mpaka mifumo mingine iyaone, tusiogope. Na zile tarakimu zikifika asitajiwe mtu anayepiga simu tu na kuziomba, hata akijiita nani, zinaingizwa pale mwenyewe ulipoomba huduma na umesimama hapo. Msukuma akauliza je, yule wa Kahama. Binti akasema hata huyo. Tulikula maharage yetu kwenye ngazi za ofisi, chungu tukakifikisha kwa mwenyewe, na mke wa mfanyabiashara alipoona tunacheka hovyo akatuletea chai bila kuuliza tunacheka nini.

Bwana shamba alirudi Pito siku aliyosema. Watu walijaa kuliko mara ya kwanza, nadhani walikuja kutuangalia. Mwanangu naye alikuwepo, simu yake mfukoni, kama tahadhari. Mjane alianza. Simu yake ikalia mlio mfupi, akaishika kama kuku aliyetaka kumtoroka. Msukuma, ikalia. Yangu ikalia. Bwana shamba akaniambia, bibi nisomee niingize. Nikamwomba kishikwambi. Akanipa. Nikaziingiza mwenyewe kwa kidole cha pete, moja moja, tarakimu sita, huku nikizitaja moyoni kama tulivyofundishwa kuhesabu darasa la kwanza. Jina langu likatokea, na chini yake neno kwamba nimehakikiwa. Mwanangu alisogea akatazama juu ya bega langu. Akaitoa simu yake mfukoni, akakipiga picha kile kioo, akamtumia mjukuu wangu Dodoma.

Wifi alikuwa wa mwisho. Alipewa kiti. Akaweka simu juu ya goti, na sote tukaitazama. Ilichelewa kuliko zetu, nikaanza kuhesabu dhambi zangu. Ilipolia, hakuishika mara moja. Aliiacha ilie mpaka mwisho wa mlio wake, halafu akaniangalia mimi, akasema kwa Kifipa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema, sasa usinijibie.

Sikumjibia. Alimwita mjukuu wake amsomee tarakimu sikioni, na yeye akazibonyeza.

Mahindi ya mwaka ule yalikuwa mazuri, yangu na yake, na mwenye kutaka ushahidi aje aulize hapa Pito. Nami namwachia mtu yeyote aliyekuwepo, shuleni au ofisini au siku ya bwana shamba, kama nimekosea mpangilio au nimempa mmoja maneno ya mwingine, anisahihishe. Ajue tu kwamba nikibisha, nitampigia wifi aamue, na siku hizi anapokea mwenyewe.